Sifuri Isiyo na Shahidi

(Maelezo niliyoyatoa Tanga mbele ya kamati za maji za mitaa na vijiji, niliyoyaandika baadaye kwa waliokosa nafasi ndani ya ukumbi.)

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, kaka na dada, salamu zenu.

Nimeombwa nieleze tunavyohesabu bakteria ndani ya maji. Nitaanza na karatasi moja iliyobandikwa mlangoni mwa nyumba fulani upande wa Pongwe. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: "MAJI YA KISIMA HIKI YAMEPIMWA. SIFURI." Waliokuwa hawachoti hapo wakaanza kuchota. Sifuri ile niliitoa mimi, kwa mkono wangu, na ilikuwa haina thamani ya karatasi iliyoandikiwa. Haya nitakayoyasema leo ni maelezo ya jinsi nilivyoipata, na jinsi ambavyo ningeweza kuitambua siku ileile kuwa ni ya uongo.

Kwanza mjue kazi yenyewe. Bakteria wa kinyesi ndani ya maji ya kisima wanaweza kuwa wachache sana, tuseme wanane katika glasi nzima. Ukichukua tone ukalitazama kwa darubini hutaona kitu, maana hao wanane hawamo ndani ya tone lako. Kwa hiyo tunafanya kama mpishi anayechuja tui: tunayapitisha maji yote, mililita 100, kwenye chujio lenye matundu madogo mno, maji yashuke na bakteria wabaki juu. Chujio hilo ni utando mweupe wa duara, upana wake milimita 47, mwembamba kama karatasi, umechorwa miraba ya milimita 3 hivi. Matundu yake ni ya maikromita 0.45, yaani hayafiki nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Bakteria tunayemtafuta hapenyi hapo.

Bado hatumwoni. Amebaki juu ya utando, lakini ni mdogo vilevile. Tunachofanya ni kumlisha alipo na kumpa joto azaane hapohapo, usiku kucha, mpaka yule mmoja awe kundi la mamilioni, kidoa kinachoonekana kwa macho. Kidoa hicho ndicho tunachokiita koloni. Mzee mmoja aliniuliza hapa mbele kama kila kidoa ni bakteria mmoja. Kilianza na mmoja, mzee wangu, au na kikundi cha wawili watatu walioshikana. Ndiyo maana kwenye fomu hatuandiki "bakteria 47", tunaandika "vizio 47 vilivyounda koloni". Aliyekufa haundi kitu. Aliyejeruhiwa na klorini akashindwa kuzaana haundi kitu pia, na hapo ndipo hadithi ya Pongwe ilipoanzia.

Vifaa vyenyewe vinaingia kwenye sanduku moja. Kuna faneli yenye kitako cha kuwekea utando, pampu ya mkono inayonyonya hewa chini yake, sahani ndogo za petri, pedi za kunyonya, chakula, na inkubeta, yaani sanduku linaloatamia sahani kama kuku anavyoatamia mayai. Faneli lazima iwe safi isiyo na kiumbe hai. Maabara wanaitia kwenye otoklevu, chungu cha mvuke wenye shinikizo. Huko visimani tunamimina methanoli kidogo ndani ya kikombe, tunaiwasha, na kabla haijamaliza kuungua tunaifunika kwa faneli yenyewe. Moto unakosa hewa, na methanoli inayoungua kwa kukosa hewa hutoa mvuke wa formaldehidi unaoua kila kitu humo ndani. Tunasubiri robo saa kwa uchache. Spiriti ya kawaida ya dukani, ile ya ethanoli, haitoi mvuke huo. Nimekutana na kijana aliyetumia spiriti ya kawaida mwezi mzima akiona moto mzuri wa buluu na kuamini amemaliza kazi.

Halafu kibano. Unakichovya kwenye spiriti, unakipitisha kwenye moto, unakiacha kipoe, na kwa kibano hicho tu unashika utando, ukingoni, upande wenye miraba ukitazama juu. Maji ya mililita 100 unayatikisa kwanza ndani ya chupa, maana bakteria hutuama na kushikana na matope, ndipo unayamimina na kuvuta pampu. Maji meupe hupita chini ya dakika. Maji ya mto Zigi wakati wa masika, yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, huziba utando kabla hata hujafika 30. Hapo usivute kwa nguvu ukidhani utashinda. Gawa sampuli kwenye tando mbili tatu, kisha jumlisha.

Ukishamaliza unauhamisha utando kwenye sahani yenye pedi iliyoloweshwa chakula, na hapa pana jambo dogo linaloharibu matokeo mengi. Utando unalazwa kwa kuuviringisha, ukingo mmoja uguse kwanza, halafu unauachia taratibu ulale wote. Ukiudondosha ghafla, hewa hubaki chini. Juu ya kile kipovu chakula hakifiki, na bakteria waliokaa hapo watashinda njaa usiku kucha. Kesho utaona eneo jeupe la duara katikati ya vidoa. Anayejua ataliona na kukasirika. Asiyejua atahesabu vidoa vya pembeni na kuandika namba. Chakula kikizidi pia ni tatizo: koloni huelea, zikatiririka na kuungana. Pedi ilowe, kilichozidi kimwagwe.

Chakula tunachotumia ni mchuzi wa laurili sulfeti wenye sukari ya maziwa, laktosi. Hiyo laurili sulfeti ni aina ya sabuni. Bakteria wengi hawaivumilii, lakini waliozoea tumbo, mahali penye nyongo, wanaishi nayo. Ndani yake pia imo rangi ya fenoli nyekundu. Koliformu wa kinyesi, yaani yule bakteria wa matumboni, akila laktosi hutoa asidi, na asidi huigeuza rangi hiyo kutoka nyekundu kuwa njano. Basi tunayemtafuta tutamjua kwa unjano.

Kizuizi cha pili ni joto. Inkubeta inawekwa nyuzi 44. Viumbe wengi wa udongo na majani hawazai kwenye joto hilo, wa matumboni wanazaa. Ikishuka hadi 37, hata wasiohusika watakuja na unjano wao. Ikipanda kupita 45, hata tunaowataka wanaanza kushindwa. Pengo ni jembamba, kwa hiyo usiiamini namba iliyoandikwa kwenye kitufe. Weka kipimajoto ndani ya kichupa cha maji, kichupa kikae humo pamoja na sahani, usome hicho. Kipimajoto kilicho hewani hubadilika kila ukifungua mlango.

Lakini usizitumbukize sahani kwenye nyuzi 44 moja kwa moja. Bakteria aliyetoka kwenye maji hana nguvu. Amekaa bila chakula, pengine ameguswa na klorini. Ukimpeleka kwenye joto kali na sabuni papo hapo, atakufa ambaye angeishi tumboni mwa mtu. Anahitaji kupumzika kwanza juu ya chakula chake. Vitabu vinataja saa 4 kwenye nyuzi 30, halafu saa 14 kwenye 44. Huku kwetu, wakati wa kaskazi, nyuzi 30 ni mezani tu kivulini. Zipange sahani mezani, angalau saa moja hata ukiwa na haraka, ndipo uziingize.

Sasa twende Pongwe. Ilikuwa masika. Kisima ni cha mikono, hakina mfuniko wa maana, na ardhi ya pale ni mawe ya chokaa, jamaa wa mawe ya mapango ya Amboni. Kwenye chokaa maji hayachujwi kama kwenye mchanga. Hupita ndani ya nyufa na kufika na yalichobeba. Choo kilikuwa jirani, kwenye mwinuko. Nilitarajia uchafu. Nikachota kwenye chupa safi, nikazunguka visima vingine viwili, nikarudi na kuchuja saa tatu baadaye. Nikapumzisha, nikaatamisha, asubuhi nikatoa sahani: utando wenye rangi ya waridi hafifu, hauna kidoa hata kimoja. Nikaandika sifuri, na mwenye nyumba akaandika karatasi yake.

Nilichokuwa sijui ni kwamba vijana wa nyumba walisikia mpimaji anakuja, wakamwaga klorini kisimani usiku wa kuamkia siku hiyo. Sina ubaya nao, mgeni akija hata uani hufagiwa. Klorini ile iliingia kwenye chupa yangu pamoja na maji, na kwa saa tatu nzima njiani iliendelea kuua ndani ya chupa. Kama kulikuwa na waliobaki hai asubuhi ile kisimani, mimi sikuwaona. Na hata kama hawakuwepo, sifuri ile ilikuwa inaeleza usiku mmoja wa klorini. Haikuwa na habari yoyote kuhusu kisima chenyewe.

Dawa yake ni nyepesi hata naona haya kuitaja. Chupa ya sampuli hutiwa sodiamu thiosulfeti kabla ya kusafishwa kwa mvuke. Kwa chupa ya mililita 120 inatosha mililita 0.1 ya myeyusho wa asilimia 10. Klorini ikikutana nayo huzimika palepale, na kilichokuwa hai ulipochota hubaki hai mpaka unapochuja. Chupa zangu siku ile zilikuwa hazina. Zaidi ya hapo, sikupima klorini pale kisimani, kazi ya dakika moja ya kidonge na rangi. Ningeona waridi kwenye kichupa, ningeuliza, wangenieleza.

Nilirudi wiki ya tatu, klorini ikasoma hakuna. Safari hii nilichuja mara tatu kutoka chupa moja: mililita 100, mililita 10 na mililita 1. Ile moja huwezi kuimimina kavu, itakaa upande mmoja wa utando. Unatangulia kuweka maji safi yasiyo na viumbe kiasi cha mililita 20 au 30 kwenye faneli, unaongeza mililita yako moja, ndipo unavuta, na bakteria wanasambaa.

Asubuhi, sahani ya 100 ilikuwa njano yote. Sisemi vidoa vingi, nasema njano kama kanga, kingo kwa kingo, hakuna pa kuanzia kuhesabu. Ile ya 10 ilikuwa na koloni 47. Ile ya 1 ilikuwa na 5.

Kuhesabu kuna adabu yake. Unatoa sahani moja tu, nyingine zinabaki kwenye joto, kwa sababu rangi hubadilika zikipoa. Una robo saa hivi. Niliwahi kutoa sahani sita kwa pamoja nikaitwa kunywa chai, niliporudi mpaka kati ya njano na waridi ulikuwa umekufa, nikarudia kazi nzima. Unashika lenzi na kwenda mraba kwa mraba, kama mtu anayepalilia, mstari huu kwenda, unaofuata kurudi. Iliyokaa juu ya mstari wa mraba unaihesabu mara moja tu, jiwekee kanuni, mimi huhesabu ya mstari wa juu na wa kushoto. Kila ya njano inahesabiwa, iwe imekoza au hafifu, nyingi zina upana wa milimita 1 hadi 3. Mbili zilizogusana lakini kila moja ina duara lake ni mbili. Za waridi na zile zisizo na rangi ziache, si wetu hao.

Hesabu inayotoka ni koloni, gawa kwa mililita ulizochuja, zidisha kwa 100. Ya 10 inatoa 47 gawa kwa 10 mara 100, ni 470. Ya 1 inatoa 500. Ndugu mmoja aliuliza ipi ya kweli. Hazipingani. Sahani inayosomeka vizuri kwa koliformu hawa ni ile yenye kati ya koloni 20 na 60 hivi. Zaidi ya hapo wanabanana na kunyang'anyana chakula, pungufu ya hapo bahati inachukua nafasi kubwa. Hata hiyo 47, ungechota tena dakika ileile ungeweza kupata 38 au 55 bila kisima kubadilika. Kwa hiyo niliandika 470, na kichwani mwangu nilisoma "mamia kadhaa". Ile 5 kazi yake ilikuwa ushahidi: ukipunguza maji mara kumi, na koloni zipungue karibu mara kumi. Kama ya 10 ingetoa 12 na ya 1 ikatoa 30, ningejua kuna kitu kwenye maji kinawazuia, au nimeyachanganya majina ya sahani.

Mtaona kwamba kama wiki ile nilichuja 100 peke yake ningepata sahani isiyosomeka, ningeandika "nyingi mno" na kurudi nyumbani bila kujua kama ni mia tano au elfu hamsini. Kwa kisima cha wazi wakati wa mvua, anza na ujazo zaidi ya mmoja. Kwa bomba lenye klorini, 100 inatosha, maana kinachotakiwa hapo ni sifuri. Maji ya kunywa, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, hayatakiwi kuonyesha E. koli, koliformu anayeishi matumboni, hata mmoja katika mililita 100.

Turudi kwenye sifuri, maana mama mmoja ameuliza vizuri: "Mwanangu, sasa nikiona sifuri niamini lini?" Iamini inapokuja na mashahidi wawili. Wa kwanza ni sahani ya maji safi, yaliyochujwa kwa faneli ileile kabla ya sampuli na mara nyingine mwisho wa siku. Hiyo lazima iwe tupu. Ikiota, faneli yako ni chafu na siku yote imeharibika. Wa pili ni sahani ya maji unayoyajua kuwa machafu, ya mtaro hata, mililita moja tu. Hiyo lazima iwe na njano. Ikiwa nayo ni tupu, basi chakula kimekufa, au inkubeta imepanda joto, au umeme ulikatika saa nane za usiku ukarudi alfajiri, na sifuri zako zote ni za giza hilo. Siku ya kwanza Pongwe sikuwa na hata mmoja. Nakiri pia kwamba shahidi wa pili asingeiona klorini iliyokuwa kwenye chupa nyingine. Kwa hiyo thiosulfeti inabaki palepale.

Na hata sifuri yenye mashahidi ina kipimo chake. Upawa mmoja wa pilau usipokuwa na iliki, chungu hakijathibitika kuwa hakina. Kisima chenye wastani wa bakteria 3 katika kila mililita 100 kinaweza kukupa sahani tupu mara moja katika kila 20. Ndiyo sababu tunarudi, na tunarudi baada ya mvua.

Kuna aliyetaka kujua kama kila njano ni kinyesi. Si kila moja. Katika nchi za joto kama yetu wapo koliformu wa majani na udongo wanaovumilia nyuzi 44. Ukitaka kumthibitisha E. koli, unagusa koloni kwa sindano, unampandisha kwenye maji ya triptoni, nyuzi 44, saa 24, halafu unadondoshea dawa ya Kovaksi. Pete nyekundu ikitokea juu, yeye ndiye. Kwa Pongwe nilichukua koloni kumi, tisa zikatoa pete.

Karatasi tuliibandua mimi na mwenye nyumba pamoja. Walikiinua kisima kwa zege, wakaweka mfuniko, wakachimba mfereji wa kugeuza maji ya mwinuko, na kamba ikapewa ndoo moja tu isiyowekwa chini ardhini. Nilirudi kiangazi. Klorini hakuna, chupa ina thiosulfeti, sahani safi tupu, sahani ya mtaro njano. Mililita 100 za kisima zilikuwa na koloni 8. Mwenye nyumba aliitazama kwa lenzi, akazihesabu mwenyewe mara mbili, akaniuliza kama nane si karibu na sifuri. Nikamwambia aendelee kuchemsha, na tukakubaliana nirudi mvua za vuli.